Sahani haina kosa: taifodi, homa ya ini B na somo tunalowapa watu

Kaa asubuhi kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto, zahanati yoyote ya Dar es Salaam, usikilize kipindi cha elimu ya afya. Taifodi na homa ya ini B hupita kwa pumzi moja. Muuguzi anayataja yote mawili, kisha anamalizia kwa maneno yale yale: nawa mikono, chemsha maji, weka mazingira safi, wahi chanjo. Akina mama wanaitikia, watoto wanapimwa uzito, watu wanarudi nyumbani. Hakuna uongo katika maneno hayo, lakini kwa taifodi yametolewa bila vipimo, na kwa homa ya ini B mengi hayahusiki kabisa. Mtu aliyeambiwa kwamba usafi ndio kinga ya homa ya ini B atafika nyumbani na kuanza kutafuta uchafu wa mgonjwa uko wapi. Mara nyingi ataamua uko kwenye sahani yake.

Tuchukue mfano wa nyumba ya kupanga Vingunguti, yenye wapangaji wa familia nne, choo kimoja cha shimo na kisima kifupi uani. Maji ya bomba hutoka kwa zamu; yasipotoka hununuliwa kwa dumu la lita 20 kutoka kwenye mkokoteni, na yakikosekana kabisa huchotwa kisimani. Familia mojawapo ina binti wa miaka 16 mwenye homa ya siku ya tisa, aliyepimwa Widal kwenye maabara ya mtaani na kuambiwa ana taifodi. Familia hiyo hiyo ina mke wa kaka yake, mjamzito wa wiki 32, ambaye kadi yake ya kliniki imeandikwa HBsAg chanya, yaani ana kirusi cha homa ya ini B kwenye damu.

Muuguzi wa afya ya jamii anapofika anakuta mjamzito ana sahani yake, kikombe chake na kijiko chake, vyote vimefungwa kwenye mfuko wa peke yake. Binti mwenye homa anakunywa kwa kikombe kile kile wanachochotea wote kutoka kwenye ndoo, na jioni hiyo ndiye aliyekatakata kachumbari.

"Shikamoo mama," muuguzi anamwamkia mama mwenye familia.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Huyu mkwe wangu tumemtengea vyombo, kama tulivyofundishwa. Mambo ya usafi hapa hatuchezi."

Mama huyu ametii. Alichotii ndicho kibaya. Aliyetengwa hawezi kumwambukiza mtu kwa sahani, na aliyeachwa achanganyike ndiye, kama kweli ana taifodi, anayeweza kuipeleka kwa watu saba kabla ya wiki kwisha.

Kwa hiyo hoja yetu ni hii: magonjwa haya mawili yasifundishwe kwa kuanzia kwenye usafi. Yafundishwe kwa kuanzia kwenye njia. Kidudu kinatoka wapi mwilini mwa mgonjwa, kinapita wapi, kinaingia wapi kwa mwingine? Taifodi hutoka kwa choo na huingia kwa mdomo. Homa ya ini B hutoka kwa damu na majimaji ya uzazi, na huingia kwenye damu ya mwingine kupitia jeraha, sindano, tendo la ndoa au kuzaliwa. Mtu akishika hayo mawili, mengine mengi anaweza kuyakisia mwenyewe.

Tuanze na taifodi. Bakteria wake, Salmonella Typhi, anaishi kwa binadamu peke yake. Habebwi na kuku, ng'ombe wala panya. Hilo lina maana kubwa kwa mafundisho: kila anayeugua taifodi amekula au kunywa kitu kilichoguswa na choo cha mtu mwingine. Dalili hujitokeza kwa kawaida kati ya siku 6 na 30 baada ya kumeza, kwa hiyo swali la "jana ulikula nini" halisaidii. Linalosaidia ni kuuliza wiki mbili tatu zilizopita maji yalitoka wapi, chakula kilipikwa na nani, na mvua ilinyesha lini.

Mvua tunaitaja kwa sababu. Maeneo ya bonde la Msimbazi na mengine ya mabondeni yana tabia inayojulikana na kila mkazi: masika yakishika, baadhi ya wenye nyumba hutapisha vyoo, wakayaachia maji ya mvua yabebe kinyesi. Kisima kifupi kilichopo mita chache kutoka shimoni hupokea mzigo huo. Vitabu vinafundisha kisima kiwe mita 30 kutoka chooni. Kwenye kiwanja chenye upana wa mita 12, muuguzi anayeirudia sentensi hiyo hajamfundisha mtu kitu. Afadhali aseme wazi kwamba maji ya kisima hicho ni ya kufulia na kudekia, na kwamba yakilazimika kunywewa lazima yatibiwe, kisha aonyeshe namna.

Kuonyesha ndiko kunakopungua. Kuchemsha maana yake maji yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa yapande, walau kwa dakika moja, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Watu wengi hufanya hivyo vizuri. Kosa linakuja baadaye: maji yaliyochemshwa humiminwa kwenye ndoo yenye mdomo mpana, na kila anayekunywa anatumbukiza kikombe pamoja na vidole. Maji ya kuchemsha hayana kinga yoyote iliyobaki ndani yake, hivyo kidole kimoja kisichonawiwa baada ya choo kinatosha kuyarudisha yalipokuwa. Ndoo yenye bomba chini, au dumu lenye mdomo mwembamba linalomiminwa, ni kinga kubwa kuliko dakika kumi za ziada jikoni. Ukiwa na nafasi ya kusema jambo moja tu kuhusu maji katika nyumba ya Vingunguti, sema hilo.

Klorini ina faida ambayo moto hauna: hubaki ndani ya maji ikiendelea kulinda. Fuata kipimo cha kwenye pakiti, kwa sababu vidonge hutofautiana, vingine ni vya lita 5 na vingine vya lita 20. Maji yakiwa na tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa kuwa tope hula klorini kabla haijafika kwa bakteria. Yakiwa bado na ukungu baada ya kuchujwa, kipimo huongezwa mara mbili. Funika, subiri nusu saa. Maji yaliyotibiwa sawasawa yana harufu hafifu ya klorini baada ya nusu saa hiyo. Yasiponusa kabisa, dawa ilikuwa kidogo au imekwisha nguvu. Pua ya mama mwenye nyumba ni kipimo kizuri, na akifundishwa kukitumia hahitaji kumsubiri muuguzi.

Kuna mtu mmoja ambaye vipindi vya benchini humsahau: aliyepona. Kati ya watu 100 walioambukizwa taifodi, kadiri ya 1 hadi 5 huendelea kutoa bakteria kwa choo kwa zaidi ya mwaka, wakiwa wazima kabisa. Bakteria hujificha kwenye kifuko cha nyongo, hasa kwa wanawake na kwa wenye vijiwe vya nyongo. Kama mtu huyo ni mama lishe, mkata matunda au muuza juisi ya miwa, hakuna dalili itakayomtambulisha. Mwenye kazi ya chakula aliyeugua taifodi iliyothibitishwa anatakiwa akae kando ya jiko hadi vipimo vitatu vya kuotesha choo, yaani kukiweka maabara kuona kama bakteria watakua, vya siku tofauti, vilivyochukuliwa baada ya kumaliza dawa, visionyeshe bakteria. Ni agizo gumu kwa mtu anayekula kwa alichouza leo, na muuguzi asilitoe kana kwamba ni jepesi. Njia inayowezekana mara nyingi ni kumbadilishia kazi: apokee fedha, achochee moto, abebe maji ya kuoshea, huku mwenzake akishika kachumbari na vitu vingine visivyopikwa. Na yeyote anayehudumu pale awe na kibuyu chirizi na sabuni hatua mbili kutoka choo anachotumia. Sabuni ikiwa mbali haitumiki.

Sasa turudi kwa binti na karatasi yake ya Widal, maana hapa ndipo Dar es Salaam inapopoteza fedha na dawa nyingi. Kipimo hiki kilitokana na kazi ya Georges-Fernand Widal mwaka 1896. Hakitafuti bakteria, kinatafuta kingamwili, yaani kumbukumbu ya mwili kwamba uliwahi kukutana na bakteria huyo au ndugu zake. Katika mji ambao watu wengi wamekutana naye, kumbukumbu hiyo ipo hata kwa watu wasioumwa. Upande wa pili, mgonjwa wa kweli katika siku za kwanza anaweza asionyeshe chochote kwa kuwa kingamwili hazijapanda. Ili Widal iwe na maana inapaswa ifanywe mara mbili, kwa nafasi ya siku 10 hadi 14, na kiwango kiwe kimepanda mara nne au zaidi. Nani anarudi baada ya siku 14? Hakuna. Utafiti wa watoto waliolazwa katika hospitali ya vijijini kaskazini mashariki mwa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha kwamba kati ya waliosomeka chanya kwa Widal, karibu robo tu ndio waliokuwa na taifodi kweli. Kipimo kile kile kilikuwa kizuri zaidi kwa kuondoa shaka: kilipokuwa hasi, mara nyingi sana kweli taifodi haikuwepo.

Kwa binti huyu mwenye homa ya siku tisa, hatua ya kwanza ni kipimo cha haraka cha malaria kama hakijafanywa. Ya pili ni kuotesha damu, na damu hiyo ichukuliwe kabla ya antibayotiki, kwa sababu dozi moja ya dawa ya dukani inaweza kuzima majibu yote. Kwa mtu mzima au kijana mkubwa chupa moja huhitaji mililita 8 hadi 10. Ukitia mililita 2 ukapata hasi, hujapima kitu. Hata ikifanywa vizuri, kuotesha damu hukamata kadiri ya nusu au zaidi kidogo ya wagonjwa wa kweli, kwa hiyo daktari mwenye shaka kubwa anaweza kutibu hata kama majibu ni hasi. Wajibu wa muuguzi wa jamii hapa ni kuzuia mambo mawili: binti asichomwe sindano za mtaani siku tano kwa karatasi moja ya Widal, na asiachwe nyumbani wakati homa inapanda. Aambiwe pia kwamba hata kwa dawa sahihi homa ya taifodi huchukua siku 3 hadi 5 kushuka, vinginevyo siku ya pili familia itabadilisha dawa. Na mama yake afundishwe dalili za hatari ambazo huja zaidi kuanzia wiki ya tatu: tumbo kukakamaa na kuuma ghafla, damu kwenye choo, kuropoka au kusinzia kupita kiasi. Utumbo uliotoboka unahitaji upasuaji siku hiyo hiyo.

Hadi hapo binti ndiye anayepaswa kuwa na kikombe chake, anawe kwa sabuni kila atokapo chooni, na kachumbari aiache kwa mwingine. Mifuko ya mjamzito ifunguliwe, vyombo vyake virudi kabatini.

Mama mkwe hatakubali haraka, na ana haki ya kuuliza.

"Sasa mwanangu, mate yake je? Kula naye sahani moja?"

"Mama, kula naye. Hiki kirusi kinakaa kwenye damu. Chakula hakikipeleki, kumkumbatia hakukipeleki, na mtoto akizaliwa atamnyonyesha kama kawaida. Ninachoomba mtenge ni wembe, mswaki na kikatio cha kucha. Hivyo kila mtu awe na chake, na si yeye peke yake."

Jibu hili lina sehemu mbili, na zote mbili zinahitajika. Ukimwambia mtu aache kutenga sahani bila kumpa cha kutenga, hofu yake inabaki bila kazi, na jioni sahani inarudi mfukoni. Wembe ni jibu la kweli. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa walau siku 7 kwenye damu iliyokauka, hata tone lisiloonekana kwa macho. Ndiyo maana kinapita pale ambapo VVU hushindwa: kwa muuguzi asiyechanjwa aliyejichoma sindano yenye damu ya mgonjwa, hatari ya homa ya ini B ni kati ya asilimia 6 na 30, wakati ya VVU ni takriban asilimia 0.3.

Kwa mji wetu, mifano ya kufundishia ipo barabarani. Kijana anayepita nyumba kwa nyumba na kikapu chake akisafisha kucha na kupaka rangi hutumia kikatio kile kile kwa miguu ya wanawake kumi kwa siku, na kila anapokata nyama ya pembeni damu hutoka. Kinyozi hupitisha mashine kwenye upele wa kichwa kimoja na kuhamia kingine, na kuifuta kwa brashi hakuui kitu. Msusi wa kushonea nywele huchoma ngozi kwa sindano. Mganga huchanja chale kwa wembe mmoja ukoo mzima. Muuguzi akizitaja shughuli hizi kwa majina, watu hukumbuka lini walikatwa. Na pakimwagika damu, iwe sakafuni au kwenye meza ya kinyozi, maelekezo yawe na kipimo: jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, iachwe dakika 10 kabla ya kufutwa kwa glavu. Kuipangusa mara moja kwa tambara ni kueneza.

Lakini njia inayostahili muda mwingi kuliko zote ni ile ya kuzaliwa. Umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mtu ataishi vipi na kirusi hiki. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hukifukuza. Wanaobaki nacho kwa maisha ni chini ya 5 kati ya 100. Mtoto mchanga akiambukizwa anapozaliwa, wanaobaki nacho ni kama 9 kati ya 10. Hatasikia homa, hatageuka manjano, atacheza na kusoma kama wenzake. Miaka 30 au 40 baadaye anaweza kufika hospitali tumbo limejaa maji, ini limesinyaa au lina saratani, na hakuna atakayekumbuka siku aliyoambukizwa. Taifodi inapiga kelele ndani ya wiki mbili. Hii hukaa kimya, na kwa sababu hiyo mafundisho yake hayawezi kusubiri dalili.

Ratiba ya chanjo za mtoto Tanzania kwa miaka mingi imekuwa na kinga ya homa ya ini B ndani ya pentavalenti, sindano ya magonjwa matano inayotolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Inafanya kazi nzuri sana kwa mtoto ambaye hajaambukizwa. Kwa mtoto wa mjamzito wetu, wiki ya 6 ni kuchelewa: kirusi huenda kimekwisha kuingia siku ya kuzaliwa. Kinachomhusu ni dozi ya peke yake ya homa ya ini B, isiyochanganywa na chanjo nyingine, inayotolewa ndani ya saa 24 tangu azaliwe, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza kwa kila mtoto. Pentavalenti haiwezi kuchukua nafasi yake kwa kuwa haitolewi kwa mtoto mchanga. Dozi ya kuzaliwa huchomwa kwenye msuli wa paja upande wa mbele na nje, baada ya ngozi kufutwa damu ya uzazi, na inaweza kutolewa siku moja na BCG na matone ya polio.

Saa 24 ni chache kuliko zinavyosikika. Mama akijifungua Ijumaa usiku, chanjo ikiwa imefungiwa kwenye friji ya kliniki inayofunguliwa Jumatatu, dirisha limefungwa. Kwa hiyo kazi ya muuguzi iko kwenye wiki ya 32, mbele ya kadi ile yenye neno chanya. Aulize kituo atakachojifungulia mama kama dozi ya kuzaliwa ipo wodini, nani ana ufunguo, na mwishoni mwa wiki inapatikana vipi. Pasipo nayo, mpango wa kujifungulia au wa kuipata uhame mapema kwenda kituo chenye chanjo. Aandike kwenye ukurasa wa mbele wa kadi, kwa herufi kubwa, kwamba mtoto apewe dozi hiyo kabla ya kutoka wodini. Kwenye hospitali yenye sindano ya kingamwili tayari za homa ya ini B, mtoto wa mama huyu huipata pia, upande wa pili wa mapaja, ikiwezekana ndani ya saa 12.

Kwa mama mwenyewe, swali la kwanza ni kama anatumia dawa za kufubaza VVU. Kama anatumia mchanganyiko wenye tenofovia, dawa hiyo hiyo inashusha kirusi cha homa ya ini B. Kama hatumii, apelekwe kupimwa wingi wa kirusi na hali ya ini; mwenye wingi wa uniti 200,000 au zaidi kwa mililita anahitaji tenofovia wakati wa ujauzito ili kupunguza kinachomfikia mtoto. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 unaruhusu, pale kipimo hicho kisipopatikana, kumpa kinga hiyo kila mjamzito mwenye HBsAg chanya. Kwa mjamzito wa wiki 32, kila wiki ya kusubiri majibu ni wiki ya dawa iliyopotea, hivyo rufaa itoke siku ile ile.

Baada ya hapo mtoto aendelee na pentavalenti zake zote tatu, na apimwe damu akiwa na miezi 9 hadi 12. Kumpima mapema kuliko hapo huleta majibu ya kupotosha. Mume na watoto wengine nao wapimwe. Wasio na kirusi na wasio na kinga wachanjwe.

Hapo tunafika kwenye tofauti ya chanjo zenyewe. Ya homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita tangu ya kwanza. Kosa la kwanza la kila siku ni dozi ya tatu kusahaulika, na la pili ni kumwanzishia upya aliyechelewa. Hahitaji kuanza upya, anaendelea alipoishia. Kosa la tatu ni kuchoma takoni, ambako mafuta hupunguza kinga. Mtu mzima achomwe begani. Na asichanjwe mtu bila kupimwa akaambiwa amekingwa, kwa maana chanjo haimtibu aliye na kirusi tayari, na cheti chake cha chanjo kitamfanya asitafute huduma.

Ya taifodi iliyo bora kwa sasa, ile iliyounganishwa na protini, ni dozi moja ya nusu mililita kuanzia umri wa miezi 6. Majaribio ya watoto Blantyre, Malawi, yalionyesha kinga ya kadiri ya asilimia 80, na nchi hiyo iliiingiza kwenye ratiba yake mwaka 2023. Zimbabwe ilitangulia mwaka 2021. Ile ya zamani ya Vi haifanyi kazi vizuri kwa walio chini ya miaka 2 na hurudiwa kila miaka 3, na ndiyo ambayo vyeti vya afya vya wapishi wengi vimeitegemea. Mpishi aliyechanjwa ajue mambo mawili: bado anaweza kuugua kwa kuwa chanjo haimkingi kila mtu, na kama tayari amebeba bakteria kwenye nyongo, chanjo haimtoi.

Chanjo zote mbili zina adui ambaye joto la Dar es Salaam hutusahaulisha, nayo ni barafu. Chanjo ya homa ya ini B huganda kwenye nyuzi nusu tu chini ya sifuri, na ikiganda imekufa hata ikiyeyuka vizuri. Alama ya kwenye chupa inayobadilika rangi huonyesha joto, haionyeshi kuganda. Kisa kinachotokea ni hiki: muuguzi wa huduma ya mkoba anatoa pakiti za barafu kwenye friza alfajiri, zikiwa ngumu kama jiwe, anazipanga kwenye kibebeo kuzunguka chupa, anaelekea mtaani. Kufikia saa nne chupa zilizogusa ukuta zimeganda. Pakiti ziachwe mezani hadi ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo zipangwe. Ukishuku chupa ya homa ya ini B, itikise pamoja na nyingine ya aina ile ile iliyogandishwa makusudi, uziweke mezani uzitazame: iliyoharibika hutuama haraka, mashapo chini na maji angavu juu.

Kuhusu namna ya kufundisha, tunashauri vipindi hivi vitenganishwe kwa siku na kwa wasikilizaji. Taifodi ifundishwe uani, mbele ya ndoo, choo na kisima, kwa wapangaji wote pamoja, kwa sababu maji yao ni mamoja. Homa ya ini B ifundishwe kliniki, kwa mjamzito na mwenza wake, faraghani. Majibu ya HBsAg hayatangazwi uani hata kwa nia njema. Katika nyumba ya familia nne habari hiyo hugeuka notisi ya kuhama.

Na mwisho wa kipindi usiulize "mmeelewa?" Mpe mtu kazi. Uani, mwambie mama atibu lita 20 mbele yako, kisha baada ya nusu saa anuse. Kliniki, mwambie mjamzito akueleze mtoto akizaliwa Jumamosi usiku nani anapigiwa simu, chanjo iko wapi na inatakiwa iingie kabla ya saa ngapi. Akisema "nitampeleka wiki ya sita", somo bado halijafika, na una wiki nane za kulirudia.